Dogo, kavad koli zetu wiki hii nikiwa safarini

Narudi Ijumaa usiku so akaunti iko kwako, soma yote hata kama uko bize. Tuna hisa 300 na tumeuza koli 3 za straiki ya 50, zinaisha Ijumaa hii, hisa yenyewe inacheza kwenye dola 52. Kawaida nasogeza zikibaki siku kama 10, hizi nimezembea.

Presha sio Ijumaa, ni Jumanne. Kampuni inatoa gawio la senti 40 kwa hisa na Jumatano ndo siku ya eksi, yaani anayelala na hisa Jumanne ndo analipwa. Aliyeshika koli yetu anajua hivyo pia, na opsheni za hisa za Marekani unaweza kuzitumia siku yoyote, so Jumanne usiku anazichukua kwa 50 na gawio linaenda naye, sisi tunakuja kujua asubuhi. Mwaka jana ilinikuta, nafungua simu hisa 100 hazipo, nikadhani nimehakiwa.

Jumatatu na Jumanne fanya hesabu hii, toa straiki kwenye bei ya hisa halafu hiyo uitoe kwenye bei ya koli. Leo koli iko 2.10, hisa 52, so thamani ya muda uliobaki ni senti 10 tu, gawio ni 40, hapo watatuchukua karibu uhakika. Ukitaka kuhakikisha cheki puti ya straiki na tarehe hiyohiyo, ikiwa rahisi kuliko gawio jua hatuko salama. Mimi naiamini puti zaidi maana bei ya koli ikishaingia ndani sana inakuwa na pengo kubwa la kununua na kuuza, inadanganya.

So Jumanne mapema, usingoje nusu saa ya mwisho, nunua hizi 3 na uuze za mwezi ujao straiki ileile ya 50, oda moja, tumia `Roll` usifanye moja moja bei itakukimbia katikati. Za mwezi ujao ziko 2.70, tunapata senti 60 net, dola 180 kabla ya kamisheni, na muda wake ni senti 70 so mtu akizitumia mapema anajipunja. Weka limiti 0.60, ikigoma shuka senti 2 2, chini ya 0.50 nipigie kwanza. Najua utatamani ya 52.5, iko 1.30 tu, maana yake tunalipa dola 240 mfukoni, mi sitaki.

Wakituwahi usipaniki. Itaingia 15,000 na hisa zitakuwa zimeondoka, usizinunue tena kwa hasira, nitumie skrinshoti tu.