YAH: RUHUSA YA KUPITA KATIKA KIWANJA CHANGU CHA TONGONI, PAMOJA NA MIPAKA, MUDA NA MATUNZO YA NJIA

Bi. Mwanaidi Omari Bakari,
Tongoni,
Jiji la Tanga.

23 Juni 2025

Ndugu Yohana Elia Mhina,
Tongoni,
Jiji la Tanga.

Ndugu Mhina,

Husika na kichwa cha barua hapo juu. Ninarejea barua yako ya mwezi Mei pamoja na mazungumzo yetu mbele ya Mwenyekiti wa Mtaa, ambapo ulieleza kwamba njia uliyokuwa ukiitumia upande wa kusini imezibwa na ukuta wa mmiliki mpya, na kwamba tangu hapo kiwanja chako hakina mlango wa kutokea barabara ya Pangani isipokuwa kupitia kwangu. Nimekaa na wanangu wote wanne, tumelijadili jambo hili, na hakuna aliyepinga. Kwa hiyo ninakuruhusu wewe na watu wa nyumbani kwako kupita katika kiwanja changu, kwa masharti ninayoyaeleza hapa chini, ambayo ninaomba uyasome yote kabla hujatia saini.

Njia ninayokupa inaanzia kwenye bikoni ya kaskazini-magharibi, pale barabara ya Pangani inapogusa kiwanja changu, inafuata mpaka wa kaskazini kandokando ya minyaa, na kuishia kwenye bikoni ya kaskazini-mashariki inapoanza ardhi yako. Urefu wake ni mita 68 na upana wake ni mita 3.5, kama tulivyopima kwa futi kamba mimi, wewe na mwanangu Athumani, na kama inavyoonekana katika mchoro ulioambatanishwa, ambao nao tutausaini. Hakuna sehemu nyingine ya kiwanja changu inayohusika na ruhusa hii, hata pale njia itakapokuwa na tope au itakapozibwa na mti ulioanguka. Ikitokea hivyo, njia itasafishwa kwanza, na gari halitapitishwa pembeni kati ya minazi.

Najua uliomba njia ya mkato inayokatisha katikati, na ni kweli ingekupunguzia gharama ya kifusi. Sikukubali kwa sababu katikati ya kiwanja ndipo walipozikwa wazazi wa marehemu mume wangu na yeye mwenyewe, na wanangu wanakwenda pale kusoma dua na kufagia. Makaburi hayo hayapitiwi na chombo cha magurudumu, hayapangwi matofali wala mchanga karibu yake, na mtu yeyote anayefanya kazi kwako aelezwe hivyo siku ya kwanza anapofika. Tumeacha mita 5 kuzunguka makaburi zisizoguswa kwa namna yoyote, na alama zake ni mawe ya matumbawe yaliyopakwa chokaa. Katika barua hii yote, hili ndilo sharti ambalo sitalijadili tena.

Njia hii ni ya kupita kwa miguu, baiskeli, pikipiki, bajaji, guta, kirikuu na gari dogo la nyumbani, saa zote za mchana na usiku, kwako wewe, familia yako, wageni wako na wanaokuletea mahitaji. Si mahali pa kuegesha chombo, kupakia mzigo kwa muda mrefu, kuchunga wala kufunga mifugo, kuweka meza ya biashara au kumwaga taka. Kama baadaye utajenga vyumba vya kupangisha, wapangaji wako nao watapita. Lakini ukifungua ghala, karakana au biashara nyingine inayoleta magari kila siku, ruhusa hii haitaihusu mpaka tuzungumze upya, kwa kuwa nilichokubali ni njia ya makazi.

Kwa kuwa unajenga, ninakubali pia Fuso za mchanga, kokoto na saruji zipite mpaka tarehe 30 Juni 2026, kati ya saa 12 asubuhi na saa 12 jioni, baada ya kunijulisha mimi au Athumani siku moja kabla. Katika miezi ya masika, yaani Machi, Aprili na Mei, Fuso hazitapita kabisa, na katika vuli zitapita tu pale ardhi itakapokuwa imekauka. Udongo wa kule mwisho wa njia unashika maji, na mashimo yanayochimbwa na lori siku moja ya mvua hayajazwi kwa toroli mbili za kifusi. Dereva akikwama, asikate miti yangu kutafuta magogo ya kuweka chini ya tairi.

Unaruhusiwa kupitisha bomba moja la maji ya matumizi ya nyumbani chini ya ardhi, upande wa minyaa, kwenye mtaro wa kina kisichopungua sentimita 60, na kufukia mtaro huo ndani ya siku 7 tangu ulipochimbwa. Nguzo za umeme hazimo katika ruhusa hii. Ukifika wakati wa kuvuta umeme, niletee mchoro wa mafundi nione nguzo zinasimama wapi, ndipo nitakujibu kwa maandishi.

Pale barabarani patakuwa na geti la upana wa njia, litakalogharimiwa na wewe, lenye funguo mbili, mmoja wako na mmoja wangu. Geti lifungwe kuanzia saa 4 usiku na asiachiwe mtu mwingine ufunguo bila mimi kujua. Nikiwa na wakwezi wa kuangua nazi, njia itafungwa kwa saa chache kwa usalama wa wapitaji, na nitakujulisha siku moja kabla. Asiyesubiri akapita chini ya mkwezi anapita kwa hatari yake mwenyewe. Minazi miwili iliyoinamia njia nitaifanya iondolewe makuti makavu na nazi pevu kila baada ya miezi mitatu. Nazi zinazoangukia njiani zinabaki kuwa zangu, jambo ambalo nisingeliandika kama watoto wa mtaa huu nisingekuwa ninawafahamu.

Kuhusu matunzo, kazi ya kuifanya njia ipitike ni yako. Utasafisha visiki, utamwaga kifusi na changarawe, na pale mwanzoni utaweka kalavati juu ya mfereji wa barabara, baada ya kupata kibali cha wanaoisimamia barabara hiyo. Utachonga mfereji mdogo upande wa kaskazini ili maji ya mvua yaelekee kwenye mfereji wa barabara, wala yasielekezwe kwenye makaburi, kwenye kisima changu au kwenye kiwanja cha jirani wa kaskazini, ambaye hana mkono katika makubaliano yetu na hapaswi kuletewa maji yasiyo yake. Kazi hiyo iwe imekamilika ifikapo tarehe 30 Septemba 2025, kabla ya vuli.

Baada ya hapo, kufyeka nyasi, kuzibua mfereji na kujaza mashimo ya kawaida kutafanyika mara mbili kwa mwaka, kabla ya masika na kabla ya vuli. Kwa kuwa na mimi nitaitumia njia hiyo kutolea nazi na makuti, nitalipa theluthi moja ya gharama na wewe utalipa theluthi mbili, kwa kuonyeshana risiti. Uharibifu unaotokana na magari ya ujenzi wako, au na mtu aliyekuja kwako, utautengeneza peke yako ndani ya siku 14 tangu nikujulishe. Nami vivyo hivyo nitatengeneza ninachoharibu mimi. Kupogoa minyaa kunafanywa na mimi, kwa sababu ndiyo mpaka wangu, na sitaki ipunguzwe na mtu mwingine hata kwa nia njema.

Sitakutoza ada ya kupita. Ruhusa inaanza tarehe 1 Julai 2025 na inaisha tarehe 30 Juni 2030, yaani miaka 5. Ukitaka iendelee, uniandikie angalau miezi mitatu kabla ya kuisha, nami nitakujibu kwa maandishi ndani ya mwezi mmoja. Mchoro wa mipango miji unaonyesha barabara ya mtaa upande wa mashariki wa kiwanja chako, ambayo haijafunguliwa; siku itakapofunguliwa na gari likaweza kufika kwako kupitia huko, ruhusa hii itakoma baada ya siku 90, na bomba la maji litaendelea kubaki mpaka mwisho wa muda uliotajwa.

Ukivunja sharti lolote, nitakuandikia nikieleza kosa na kukupa siku 30 za kulirekebisha. Usiporekebisha, au ukirudia kosa lile lile, ninaweza kusitisha ruhusa kwa taarifa ya siku 90. Kwa upande wangu, sitafunga njia kwa hasira wala kwa ugomvi usiohusu njia yenyewe, na sitabadilisha geti au kufuli bila kukupa ufunguo.

Ieleweke kwamba ninakupa ruhusa ya kupita, na siyo sehemu ya ardhi. Utapita kwa idhini yangu, hivyo miaka utakayopita haitahesabiwa kuwa msingi wa kudai umiliki wa njia. Sheria ya Ardhi, Sura ya 113, inatambua haki ya njia juu ya ardhi ya mtu mwingine na kuweka utaratibu wa kuisajili, lakini barua hii siyo usajili huo. Ukihitaji haki iliyosajiliwa, kwa mfano kwa ajili ya mkopo wa benki, uniletee maombi hayo peke yake tuyajadili. Huwezi kuhamishia ruhusa hii kwa mnunuzi wa kiwanja chako bila idhini yangu ya maandishi. Ukifariki, warithi wako wataendelea nayo mpaka mwisho wa muda. Nikifariki mimi, wanangu wamekubali kuiheshimu, na ndiyo maana Athumani anasaini. Nikiuza, nitamwonyesha mnunuzi barua hii kabla ya kupokea fedha yake na kumtaka aikubali kwa maandishi.

Tukitofautiana, tutakaa kwanza mbele ya Mwenyekiti wa Mtaa na mzee mmoja kutoka kila upande. Tusipoelewana, tutakwenda Baraza la Kata kwa usuluhishi, na likishindikana huko, Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya hapa Tanga. Katika muda wote huo njia itabaki wazi kwa watembea kwa miguu.

Barua hii imeandikwa katika nakala tatu zenye uzito sawa: moja yangu, moja yako na moja ya ofisi ya Mtaa. Ukikubaliana nayo, tia saini nakala zote tatu na uzirudishe kwangu kabla ya tarehe 1 Julai 2025. Mpaka zitakaporudi, endelea kupita kwa miguu kama ulivyokuwa ukifanya.

Wako jirani,

(Saini)
Mwanaidi Omari Bakari
Mwenye kiwanja

NIMEISOMA BARUA HII, NIMEIELEWA NA NINAYAKUBALI MASHARTI YAKE YOTE:

(Saini)
Yohana Elia Mhina
26 Juni 2025

MASHAHIDI:

(Saini)
Athumani Salim Mbwana, mtoto wa mwenye kiwanja, kwa niaba yake na ya ndugu zake

(Saini)
Neema Yohana Mhina, mke wa anayeruhusiwa

(Saini na muhuri)
Mwenyekiti wa Mtaa, kwa kushuhudia saini za pande zote mbili

Kiambatanisho: Mchoro wa njia, ukurasa 1.