Santa Lucia kwa Kiswahili: maneno ya kuimba Forodhani

Ndugu zangu waimbaji, assalaam alaykum. Hii ndiyo karatasi niliyowaahidi. Maneno yanatangulia, maelezo yanafuata chini. Someni kwanza kwa sauti bila ya ala yoyote, kisha ndipo muimbe.

Kila mstari una vipande viwili vya mizani tano tano. Mistari miwili ya mwisho wa kila ubeti inaimbwa mara mbili. Jina la Lucia tamkeni Luchia.

1
Mwezi wa fedha, maji yang'ara,
Wimbi latua, tanga imara;
Chombo chepesi, haya, ingia!
Santa Lucia! Santa Lucia!

2
Kwa pepo hizi, zilo mwanana,
Chomboni humu, raha bayana;
Je, abiria, mwasubiria?
Santa Lucia! Santa Lucia!

3
Chini ya hema, chakula chema,
Usiku shwari, usiku mwema;
Nani hataki kujipatia?
Santa Lucia! Santa Lucia!

4
Pepo za heri, shwari ya maji,
Zatoka dhiki za mwanamaji;
Apiga mbiu, afurahia:
Santa Lucia! Santa Lucia!

5
Napoli tamu, yenye baraka,
Viumbe vyote hapo vyacheka;
Dola ya nyimbo, zatuvutia,
Santa Lucia! Santa Lucia!

6
Mwangoja nini? Wazi ni anga,
Hewa nyororo yajaza tanga;
Chombo chepesi, haya, ingia!
Santa Lucia! Santa Lucia!

Sasa maelezo.

Kwanza la jina, maana wapo kati yetu walioniuliza, na wana haki ya kuuliza. Huu si wimbo wa kanisani. Santa Lucia ni mtaa wa pwani katika mji wa Napoli, na anayeimba ni mwenye mashua anayeita abiria jioni mbalamwezi ikiwaka. Mtaa umechukua jina la mtakatifu, ni kweli, lakini mwenye mashua hamwombi mtakatifu kitu. Anataja mtaa wake. Mimi nilifanya kazi ya jikoni miaka kadhaa katika hoteli moja ya ukanda wa mashariki, na huko wimbo huu ulikuwa ukipigwa karibu kila usiku. Waliwahi kugawa karatasi yenye tafsiri ya Kiswahili, na humo mlikuwa mmeandikwa "Ewe Mtakatifu Lusia" kila penye jina. Marehemu mama yangu nilimsomea karatasi ile, akaniuliza kwa nini watu wanasali huku wanakula. Sikuwa na jibu, na tangu siku ile nilikuwa nataka kuufasiri wimbo huu kama ulivyo. Mtu akisimama Forodhani magharibi akawasikia vijana wa mashua wanavyowaita wageni wa kwenda Changuu, ameshauelewa wote.

Ndiyo sababu ya "haya, ingia!" katika ubeti wa kwanza na wa sita. Kitaliano kinasema "njooni kwenye mashua yangu nyepesi". Niliandika "njooni chomboni", ikazidi mizani moja. Nikaandika "pandeni chombo, chepesi pia", ikaenea sawasawa, lakini hiyo "pia" haina kazi pale ila kuziba tundu la kina. Nikaifuta. Siku moja nimesimama Darajani nasubiri gari, utingo akapita ananadi, "Haya ingia, ingia!" Nikahesabu kwa vidole: ha-ya-i-ngi-a. Tano. Kina kinaingia kwenye Lucia bila ya kusukumwa, na hayo ndiyo maneno ambayo mtu wa Unguja anayaita abiria kweli. Anawaambia watu wengi kwa umoja, kama utingo anavyofanya. Msiogope sarufi, mwiteni kila mmoja kama yuko peke yake.

Kuhusu mizani nataka mnisikilize vizuri, kwa sababu hapa ndipo wimbo unapokaa au unapovunjika. Ushairi wetu una kipande cha mwanzo na kipande cha mwisho, na wimbo huu nao umepasuliwa vivyo hivyo. Mkazo wa kila kipande uko kwenye mizani ya nne, na muziki unaegemea hapo. Kitaliano lakini kina maneno ambayo mkazo wake uko mbali na mwisho. Mstari wa kwanza unaanza "Sul mare luccica": mizani sita, mkazo wa nne ukiwa kwenye "luc", halafu mbili nyepesi zinateleza nyuma yake. Sisi maneno ya namna hiyo ni machache mno. Kiswahili mkazo wake ni wa pili kutoka mwisho, iwe neno fupi au refu. Nikitia mizani sita, mkazo unahamia ya tano, na mwimbaji atalazimika kusema "bahari yámeta" badala ya "yaméta". Mtu wa Napoli hatasikia kosa. Mama zetu watakaokaa mbele watalisikia mara moja.

Nilihangaika na jambo hili wiki nzima kabla ya kuona kwamba dawa iko ndani ya lugha yenyewe. Ukitia mizani tano tu, mkazo wa pili kutoka mwisho unakuwa ndio wa nne. Unakwenda mahali pake wenyewe, kipande baada ya kipande, bila ya kupinda neno hata moja. Ndipo nikakata shauri: tano kila pahala, hata pale Kitaliano kilipo na sita. Na si kwamba naunyima muziki haki yake, kwani ubeti wa tatu wa Kitaliano wenyewe unaanza kwa mizani tano, na sauti inatosha. Penye noti sita, vuteni mizani ya nne juu ya noti mbili. Hivi:

mwe - zi - wa - fee - dha

Usivute "dha". Ukivuta "dha" wimbo unalala.

Kipande hicho, "mwezi wa fedha", ndicho ninachokipenda kuliko vyote, na sikukitunga mimi. Kitaliano ni "l'astro d'argento", nyota ya fedha, nao wanakusudia mwezi. Mizani tano kwa tano, mkazo wa kwanza na wa nne kwa wa kwanza na wa nne, maana ile ile. Kilikuwepo tayari. Nimekihamisha tu kutoka mwisho wa mstari nikakiweka mwanzo, kwa sababu sikupata kina kizuri cha "fedha". "Ladha" ilikuwa karibu, lakini upepo wenye ladha ni upepo wa jikoni.

Vina vya mistari miwili ya mwanzo vinabadilika kila ubeti: -ara, -ana, -ema, -aji, -ka, -anga. Mstari wa tatu daima ni -ia, ili uitikie jina. Hapo Kiswahili kina utajiri ambao Kitaliano chenyewe kingeuonea wivu, kwani vitenzi vyetu vingi vinamalizikia huko: ingia, subiria, jipatia, vutia. Taabu ilikuwa kuchagua, si kutafuta. Katika ubeti wa tatu niliwahi kuweka "kuhudhuria", nikaiona ni neno la mkutano na kadi za mwaliko, halikai kwenye mashua. Katika ubeti wa pili Kitaliano kinasema tu "haya abiria, njooni zenu". Mimi nimekifanya swali, "Je, abiria, mwasubiria?", kwani maneno hayo mawili yanaitikiana yenyewe kwa yenyewe, na swali kama hilo limo katika ubeti wa sita wa asili. Nimelitanguliza, sikulizua.

Mwenzetu wa gambusi alipoona ubeti wa tatu wa Kitaliano alifurahi kukuta neno "tende", akadhani ni tende zetu za kufuturia. Kule tende ni mahema, vitambaa vya kujifunika jua na umande. Nimeandika "hema", na kwa bahati njema likapatana na "chema" palepale katikati ya mstari. Ukiacha "Je, abiria, mwasubiria?" na jina lenyewe, ni pahala pekee ambapo kuna kina cha kati. Msitafute kingine, sikukilazimisha.

"Pepo" katika ubeti wa pili na wa nne ni wingi wa upepo, kama tunavyosema pepo za kaskazi na za kusi. Tamkeni kwa wepesi, na asitokee mtu akageuza macho kama anayepandwa. "Mwanana" ni neno la mabaharia wetu. Kitaliano hapo kimetaja upepo wa magharibi kwa jina lake la kishairi, ambao kwao ndio upepo mpole. Kwetu upepo wa magharibi hauna sifa hiyo, basi nimechukua upole nikauacha upande.

Shangazi yangu aliniuliza kwa nini nisiweke "Forodhani" badala ya "Santa Lucia", wimbo ukawa wetu kabisa. Nilifikiri sana, maana ni mtu anayejua nyimbo. Lakini Fo-ro-dha-ni ni mizani nne, na inamalizikia -ni. Mstari wa tatu wote ungekufa katika beti zote sita. Na zaidi ya hapo, Napoli ni ya wenyewe. Ubeti wa tano unaisifu kwa jina, na mimi sitaki kuisifu Unguja kwa sifa za kuazima. Tunazo zetu za kutosha.

Mjue pia kwamba hata Kitaliano hiki ni tafsiri. Wimbo ulikuwa wa Kinapoli, lugha ya pale mjini, na Teodoro Cottrau ndiye aliyeutoa kwa Kitaliano, ukachapishwa Napoli mwaka 1849. Nasi tunatoka kwenye ada hiyo hiyo. Taarab ilipoingia kasri la Sultani ilikuwa ikiimbwa kwa Kiarabu, na Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi, alikwenda na Kiswahili. Hakuna atakayetwambia leo kwamba udi na fidla havikubali maneno yetu.

Mwendo ni wa tatu, kama mashua inavyosukwa na wimbi dogo ikiwa imefungwa. Dumbaki isipige kwa nguvu. Kanuni ijaze pale sauti inapovutwa, isiingie juu ya neno.

Alhamisi baada ya isha tutafanya zoezi la mwisho, na Jumamosi ndiyo siku ya kumuaga mwalimu wetu wa fidla, anayerudi kwao Napoli baada ya kukaa nasi miaka mitatu. Hajui kama tumeandaa jambo hili, naomba asiambiwe. Beti ya kwanza hadi ya tano ni zetu kwa Kiswahili. Kabla ya ya sita tutanyamaza, fidla ipige peke yake mstari mmoja, naye nitampa ishara aimbe ubeti huo kwa lugha yake huku sisi tunaimba wetu chini chini. Maneno yatapishana katika mistari mitatu, kisha yeye na sisi tutafika pamoja kwenye jina la mtaa wa kwao. Hapo pandisheni sauti.