Kuuliza kama programu yenu inaweza kuchora michoro ya darasani

Shule ya Msingi,
Wilaya ya Pangani,
Mkoa wa Tanga.
9 Machi 2026

Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: UWEZO WA PROGRAMU YENU KUCHORA MICHORO YA KUFUNDISHIA

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Tarehe 14 Februari kijana wenu wa mauzo alikuja kutuonyesha programu yenu ya kuandaa masomo. Tulikuwa walimu kama thelathini wa shule mbalimbali. Alitoa azimio la kazi la muhula mzima, kisha andalio la somo, kisha maswali ishirini ya kuchagua, na nakiri kwamba maswali yale yalikuwa mazuri kuliko mengi ninayoyatunga saa nne usiku. Mwishoni nikamuuliza kama inachora. Akanijibu, "Mwalimu, hii inafanya kila kitu," akafunga kompyuta kuwahi kivuko. Jibu hilo siwezi kulipeleka kwa kamati ya shule, ndiyo maana nimeona nikuandikie.

Nafundisha Sayansi darasa la nne na la tano. La tano lina wanafunzi 87 katika chumba kimoja. Hatuna projekta. Zana zangu ni gunia la salfeti lililopasuliwa na kunyooshwa, kalamu ya wino mzito, na mkono wangu ambao kwa maua na mizizi hauna tatizo ila kwa moyo wa binadamu unanisaliti. Moyo ninaoutumia niliuchora mwaka 2019 na umeshatobolewa na panya kwenye ventrikali ya kushoto. Niliwahi kumlipa fundi wa kuandika mabango ya maduka shilingi 15,000 anichoree mfumo wa upumuaji. Kazi ilipendeza kwa mbali, lakini aliandika "mapavu" kwa herufi kubwa nyekundu, na mpaka leo wapo watoto wanaoandika hivyohivyo kwenye mtihani.

Kwa hiyo nikiuliza kama programu inachora, simaanishi picha ya kupendezesha ukuta. Nataka mchoro ambao mtoto wa dawati la mwisho atauona, na ambao ukitolewa kopi utabaki na maana yake. Hapo kwenye kopi naomba mnielewe vizuri. Mwaka jana mwenzangu wa shule ya jirani alinipa mchoro mzuri wa moyo kutoka mtandaoni, upande wa damu yenye oksijeni ni mwekundu na ule mwingine wa bluu. Nikaupeleka steshenari, mashine yao ni ya nyeusi na nyeupe. Nyekundu na bluu zote zikatoka kijivu kilekile. Nilipouliza damu ya pande mbili inatofautianaje, mtoto mmoja hodari kabisa akanijibu kwamba haina tofauti, na kwa karatasi aliyokuwa ameishika alikuwa na haki. Tangu siku hiyo nachora upande mmoja kwa nukta na mwingine kwa mistari ya mshazari. Je, programu yenu inaweza kupewa agizo la namna hiyo: mistari mieusi minene, bila rangi, bila vivuli, na sehemu zitofautishwe kwa nukta na mistari? Ninaye pia mwanafunzi mwenye ualbino anayekaa dawati la mbele na bado anasogeza karatasi mpaka puani. Kwake mstari hafifu ni sawa na karatasi tupu.

La pili ni majina ya sehemu. Mchoro mmoja mimi nautumia mara tatu. Siku ya kufundisha nautaka wenye majina yote. Siku ya zoezi nautaka mishale ibaki ila majina yaondoke. Siku ya mtihani mishale iwe na herufi A, B, C na D. Ikiwa programu inatoa picha moja iliyogandishwa, maneno yakiwa yameshikamana na mchoro, itanibidi niombe picha tatu, na nina wasiwasi kwamba zitakuwa picha tatu tofauti. Naomba kujua kama maandishi yanakaa juu ya mchoro peke yake, nikaweza kuyafuta, kuyasogeza na kuyaandika upya.

Na maandishi yenyewe yatoke kwa Kiswahili sahihi. Kijana wenu alitugawia kipeperushi chenye picha ya hatua za ukuaji wa chura, nadhani ili kutuvutia sisi wa Sayansi. Nilikisoma nikiwa kwenye bodaboda kurudi nyumbani. Neno "kiluwiluwi" limeandikwa kwa namna mbili, na zote mbili si zenyewe. Kibaya zaidi, kiluwiluwi wa hatua ya tatu amechorwa akiwa na miguu ya mbele tu. Ndugu Meneja, chura huanza kutoa miguu ya nyuma. Watoto wangu wanawaokota kwenye madimbwi masika na wanalijua hilo kuliko kitabu. Nikibandika mchoro ule ukutani nitakuwa nimewafundisha waamini karatasi badala ya macho yao.

Sisemi haya kuwakejeli, maana kosa hilo ndilo limenifanya niulize swali ninaloliona kubwa kuliko yote: picha hizo zinatoka wapi? Kama zimehifadhiwa tayari na kuna mtu anayejua biolojia aliyezikagua, basi yule chura alimpita mkaguzi na atarekebishwa. Kama kila ninapoomba picha akili mnemba inaichora upya, hapo mkaguzi ni mimi, kila siku, na nataka nijue hivyo kabla ya kununua. Tena ikiwa ni hivyo, nikishapata mchoro sahihi nitaweza kuurekebisha sehemu moja tu, kwa mfano kuongeza mguu, bila mengine yote kubadilika?

Ili tusiandikiane barua nyingi, naomba mnijaribie mambo mawili na kunitumia matokeo yalivyo, bila mtu wenu kuyatengeneza kwa mkono.

Jaribio la kwanza ni mbu. Nataka mchoro mmoja wenye Anofelesi na Kuleksi wakiwa wametua ukutani, wakitazamwa kwa ubavu, na chini yao viluwiluwi wa kila mmoja majini. Anofelesi aonekane ameinua sehemu ya nyuma, mwili umekaa mshazari, na Kuleksi amelala sambamba na ukuta. Kwa viluwiluwi mambo yanageuka: wa Anofelesi hulala sambamba na uso wa maji, wa Kuleksi huning'inia kichwa chini akiwa ametoa mrija wa kupumulia juu. Kila mbu awe na miguu sita, yote ikitokea kwenye kifua na si tumboni. Kwa mgeni haya ni madoido, lakini kwetu sisi tunaoishi kwenye malaria, mtoto anayeweza kumtambua Anofelesi ukutani kwa mkao wake amefaidika na shule.

La pili ni mikoko. Nataka mkoko na mchu, ukingoni mwa mto wakati maji yamekupwa. Mkoko uonekane na mizizi yake inayotoka shinani na kushuka kama miguu ya kaa, na mchu uwe na mizizi inayochomoza kutoka matopeni, midogo na iliyosimama kama penseli zilizochomekwa. Nimechagua mikoko kwa sababu. Picha zote za "mazingira" nilizowahi kuletewa zina misonobari, nyumba yenye bomba la moshi na ng'ombe wenye mabaka meusi na meupe. Wanafunzi wangu wanatokea Bweni, wanavuka mto kila asubuhi, na mikoko wanaipita huku wamekaa kivukoni. Kama programu inaujua mti wa theluji na haiujui mchu, nitaishia kuchora mwenyewe na fedha ya shule itakuwa imepotea.

Kuhusu ukubwa, sina mashine ya kuchapa bango. Ninayo ya A4 ya ofisi ya Mwalimu Mkuu, wino ukiwepo. Karatasi nane za A4 zikiunganishwa kwa gundi zinafanya A1 moja, na ukubwa huo unatosha chumba changu. Je, programu inaweza kuukata mchoro vipande vinane tayari kwa kuchapwa? Na ukikuzwa kiasi hicho mistari inabaki laini, au inavunjika kama ngazi? Fundi wetu wa kompyuta aliniambia niulize kama inatoa faili la SVG au PNG peke yake. Nimeuliza kama nilivyoagizwa, na kwa maelezo yake naelewa kwamba SVG ndiyo ingenifaa.

Kompyuta tuliyonayo ni moja, ya mezani, yenye kumbukumbu ya GB 4. Mtandao natumia wa simu yangu na bando nanunua mwenyewe. Kama uchoraji unafanyika kwenye seva zenu na si kwenye kompyuta yangu, naomba mniambie mchoro mmoja unakula kiasi gani cha bando, na kama jaribio lililoshindikana nalo linahesabiwa kwenye idadi ya picha ninazoruhusiwa kwa mwezi. Bei ya leseni kijana wenu aliitaja ya mwalimu mmoja. Sisi tuko walimu 11 na kompyuta ni hiyohiyo moja. Naomba bei ya shule, kwa maandishi, pamoja na maelezo kama mchoro nilioutengeneza naweza kumpa mwalimu wa shule nyingine bila ninyi kunidai. Kwetu zana inayofaa haikai shule moja, ikishajulikana inazunguka kata nzima.

Kamati ya shule itakaa Ijumaa ya tarehe 27 Machi. Jibu likinifikia kabla ya hapo, pamoja na mbu na mikoko, nitalisoma kikaoni na kubandika michoro ubaoni wajumbe waione wakiwa wamekaa nyuma. Na kama programu haichori, niambieni tu kwamba haichori. Maswali yake bado nayapenda na nitaitetea kwa hayo, ila kwa bei ya kitu kinachotunga maswali.

Nimeambatanisha picha ya gunia langu la moyo niliyoipiga kwa simu, mpate kuona unene wa mstari ninaousema. Tundu lililopo kushoto kwa moyo, yaani kulia kwenu mnaotazama, ni la panya. Ninalitaja kwa kuwa mara mbili nimekutana na michoro ya mtandaoni iliyogeuza pande hizo, nanyi naomba mliangalie hilo siku mtakapochora moyo.

Wako katika kazi,

Mwl. Mwanahamisi
Mwalimu wa Sayansi, darasa la nne na la tano

Nakala: Mwalimu Mkuu
Kiambatanisho: picha moja