Sala ya Familia Nje ya Wodi ya Uzazi

Baba Mungu, Nyasaye wetu, tumesimama kwenye korido hii saa tisa usiku. Mimi mama mkwe wake, mumewe, shangazi zake, na dada yake aliyewahi matatu ya mwisho kutoka Siaya. Tumeshikana mikono. Mtoto wetu Akoth yuko ndani, nasi hatukubaliwi kuingia. Wewe huzuiwi na mlango. Ingia, Baba. Simama kichwani pake.

Uchungu ulimshika jana jioni akianua nguo, nyumbani Nyalenda. Tulidhani ni ule wa uongo wa wiki jana, hadi chupa ilipopasuka ndani ya tuktuk. Sasa hivi muuguzi ametuambia njia imefunguka sentimita 6. Zimebaki 4, Bwana. Hizo 4 tunakuachia wewe.

Mpe nguvu saa ya kusukuma, na saa ya kungoja umpe pumzi ya kungoja. Kichwa cha mtoto kitangulie. Kitovu kisimzonge shingoni. Presha iliyompanda mimba ilipofika miezi minane, ishushe. Kifafa cha mimba kisimsogelee. Kondo la nyuma litoke lote, lisibaki hata kipande. Na damu ikome, Baba. Damu ikome. Unajua kwa nini neno hili nalirudia. Dada yangu alizaa mtoto mzima, analia vizuri, na yeye akatutoka mikononi kabla gari halijapatikana. Hilo sikuulizi tena usiku huu. Naomba tu lisitupate mara ya pili. Shemeji zake wawili wako hapa, tayari kutolewa damu ikitakikana. Isitakikane.

Wakumbuke wakunga na daktari wa zamu. Shifra na Pua walikucha wewe kuliko Farao, ukawatendea mema. Mtendee mema na binti huyu aliyevaa glavu tangu jioni. Usingizi usimlemee. Ikibidi Akoth apasuliwe, basi stima isipotee na mkono wa daktari usitetemeke. Wako watakaosema hakuzaa. Sisi hatutasema hivyo, maana hata kwa kisu wewe ndiwe unayetoa mtoto.

Mtulize mwanangu huyu. Tangu tufike hajaketi, amekumbatia beseni la nguo za mtoto na leso za mkewe, na machozi anayaficha kwa kuwa mama yake namtazama.

Akizaliwa giza likiwa bado, ataitwa Otieno au Atieno. Akingoja mapambazuko, Okinyi au Akinyi. Mvulana, msichana, hatukuchagulii. Tunachosikilizia ni kilio kimoja nyuma ya mlango huu, na baada ya kilio, sauti ya Akoth mwenyewe akituita.

Wameingia humo katika mwili mmoja. Tutolee wawili, Baba, wote wanapumua.

Kwa jina la Yesu, Amina.