Mita 4 za Mashaka

"Nimefika kwenye bikoni, alama ya mpaka wa shamba, mwalimu!" Kijana aliinua kipokezi cha GPS. Alikuwa chini ya mti mnene, ubavuni mwa jabali.

Mwalimu wake, mpima ardhi, hakuangalia hata namba. "Setilaiti ngapi?"

"Tano. Kosa, mita 14."

"Nne zingetosha kukupa mahali na kimo. Shida ni zilivyokaa. Zako zote ziko upande mmoja, na jabali limeziba nusu ya anga. Mawimbi mengine yanaligonga kwanza ndipo yakufikie. Yakichelewa, kifaa kinadhani setilaiti iko mbali zaidi."

Wakatoka hadi uwazini, wakasubiri. Kosa likashuka hadi mita 4. Mpima akafungua mipangilio, akakuta mfumo wa majira ya GPS: `WGS 84`. Ramani yao ilichorwa kwa mfumo mwingine, na tofauti kama hiyo, isiposahihishwa, inaweza kumpotosha mtu mamia ya mita. Akabadilisha mipangilio ilingane na ramani, wakatembea upya kufuata mshale.

"Kitie mfukoni sasa. Unaona nini?"

Kijana alizunguka polepole. "Miti ya zamani, mstari mmoja. Na mfereji umekata kona ghafla, ingawa mteremko unaendelea moja kwa moja."

"Maji yangefuata mteremko. Kona hiyo ni ya mtu aliyekuwa akikwepa shamba la mwenzake."

Kijana akachimba penye kona. Jembe likagonga saruji.

"Andika: bikoni imeonekana, haijapimwa. Kesho tunaleta mitambo ya upimaji. Mita 4 ni nyumba ya mtu. Mpaka hatuuchori kwa hiki."