Nukta saba

Lori la maziwa lilikuwa bado halijafika na Cherono alikuwa ashaponda barafu, akaijaza kwa thamosi na kumwagia maji distildi kidogo tu mpaka ikashikana, akachomeka ile probu ya Pt100 ya kupima joto katikati. Ni ile cheki ya kawaida kabla ya kupima tanki jipya. Skrini ikashuka 3, 1, 0.9, ikakwama kwa 0.7.

Akangoja dakika 10. 0.7.

Akamwaga yote, akaponda barafu mpya, ikarudi palepale. Akachomoa probu akaiunga kwa mita ya omu: 100.27, na kwa barafu inafaa isome 100 kamili. Basi shida si skrini, ni probu yenyewe. Hizi vitu ukiziangusha kwa simiti ule waya wa platinamu ndani unakazika, resistansi inapanda, nayo inaanza kusoma joto ambalo halipo, na hakuna mtu huwa anakubali ameangusha.

"Dada, si tuchemshe maji tuone kama itafika 100?" akauliza Barasa, kijana wa atachment.

"Hapa Nakuru? Tuko juu, maji yanachemka kwa 94 hivi. Nipee rejista."

Januari 0.0. Februari 0.1. Machi 0.3. Kila mwezi na tiki ya kijani, safi kabisa.

Mzee Kamau akaingia na simu sikioni. Mkaguzi wa mnunuzi alikuwa ashapita Gilgil.

"Si utoe tu hiyo nukta saba tuendelee?"

"Inatembea mzee, mwezi jana ilikuwa nukta tatu. Na hiyo ni kwa barafu, huko kwa 63, pale tunaua viini vya maziwa kwa nusu saa, sijui inadanganya ngapi. Hata tuseme ni hiyo hiyo, ikisoma 63 maziwa yako 62.3, sisi tunahesabu nusu saa ya joto hatujafikia."

Mzee akanyamaza kidogo, akaangalia saa. "Tuko na gani ingine?"

Kwa droo ya chini kulikuwa na ile ya glasi, cheti chake bado hakijaisha, hakuna mtu huitaka juu lazima uiname usome na macho. Cherono akaitumbukiza kwa barafu hiyo hiyo. Zebaki ikasimama kwa mstari wa sifuri.

Walianza kama wamechelewa saa nzima hivi. Mkaguzi akakuta Cherono ameinama juu ya tanki, Barasa anaandika, akauliza mbona glasi, akaambiwa yote bila kufichwa. Akaitikia kichwa, akafungua rejista.

"Na bechi za mwezi huu wote mlipima na gani?"

Hakuna aliyejibu. Mzee Kamau alikuwa ashatoka nje kupigia depo, anasikika akisema hiyo mzigo ya jana isipakiwe, hapana, hata katoni moja, na Cherono akamgeukia Barasa: "Toa sampuli zote ziko kwa friji, kwanza za juzi. Tunapima fosfatezi, ikiwa bado iko basi maziwa hayakupata joto ya kutosha."