Tabaka, Hadhi na Mamlaka Katika Ufuo wa Dunga

Chukua watu watatu katika ufuo wa Dunga, Kisumu. Wa kwanza ana boti nne na nyavu zake. Wa pili ni mwalimu mstaafu anayeishi kwa pensheni na kibanda cha kuku. Wa tatu ni kijana anayevua katika boti ya mwingine, naye ndiye katibu wa kamati ya ufuo. Yupi yuko juu?

Karl Marx angeanzia kwenye boti, kwa kuwa kwake umiliki wa nyenzo za uzalishaji ndio mzizi wa yote. Mwanasosiolojia Max Weber (1864–1920) hakuupuuza umiliki, ila alikataa kuufanya kipimo pekee. Alitenga tabaka, hadhi na chama, yaani watu wanaojipanga ili washike mamlaka.

Tabaka kwa Weber ni kile mtu anachopeleka sokoni, na nafasi za maisha anazopata kwacho. Gugu maji likiziba Ghuba ya Winam, boti hazitoki. Mwenye boti atauza mbuzi au atakopa. Baharia ana mikono yake tu, na siku hiyo haina mnunuzi. Tofauti yao haimo katika pesa za jana. Imo katika kile kila mmoja anachoweza kufanya kesho.

Hadhi ni heshima ambayo wengine wanakupa, na hapa ndipo naona Weber anatufaa zaidi. Matangani, mwalimu yule huwekewa kiti mbele na kupewa nafasi ya kusema, na nusu ya waombolezaji aliwafundisha kusoma. Mwenye boti huenda ndiye aliyetoa fahali, akashukuriwa, kisha akakaa nyuma. Pesa huweza kugeuka heshima, lakini polepole: kwa karo za watoto wa jirani, kwa namna ya kusema, kwa ukoo unaokubali kukuoza binti. Viwanda vya minofu ya mbuta vilipoingia miaka ya 1980, wapo waliotajirika upesi kuliko walivyoheshimika. Hadhi pia hufunga milango, na hilo tusilifiche: muuza samaki mwanamke anaweza kulisha nyumba tatu na bado asiulizwe neno kwenye kikao cha wazee.

Mamlaka ni uwezo wa kutimiza utakalo hata wengine wakipinga. Kanuni za uvuvi za 2007 ziligawa viti vya kamati kati ya wenye boti, mabaharia, wachuuzi na wengine. Ndiyo maana kijana asiye na hata kasia lake anaweza kuandika jina la tajiri wake katika orodha ya waliokamatwa na nyavu haramu. Uchaguzi wa kamati ukikaribia, tajiri huyo huenda kwa mwalimu jioni, akaketi karibu na kibanda cha kuku, na kumwomba amsemee.